UZI: Hadithi ya kutoroka jela kisiwani. Mpango umesimama juu ya zamu za askari na mtu mmoja asiyeaminika. Wapi panavuja?

Mwana wa Wete (mleta uzi)

Assalaam alaykum wandugu. Naandika hadithi ndefu ya watu watatu wanaotoroka jela iliyo katika kisiwa kidogo cha kubuni, magharibi ya Unguja, kama kilomita 3 kutoka pwani. Mwaka ni 1958, enzi ya Muingereza. Wafungwa ni 31, askari wa usiku ni 4. Milango hufungwa saa 12 na robo jioni. Baada ya hapo kuna hesabu ya vichwa saa 4 usiku, nyengine saa 8 usiku, na ya mwisho saa 11 alfajiri.

Wametaka usiku wa Idi, kwa sababu usiku huo askari wawili huruhusiwa kwenda makwao na mashua ya jela huwapeleka mjini, ikalala huko. Wanabaki askari wawili, na doria ya pwani haipo. Kilichobaki ufukweni ni ngarawa ya kuvulia. Nondo za dirisha zimeshikwa na chokaa ambayo chumvi imeila kwa miaka, hilo nimeshalimaliza, musihangaike nalo.

Mtu wao wa ndani ni Makame, mfungwa anayepika jikoni kwa askari. Yeye ndiye atakayewaletea habari kama mwezi umeandama. Mwisho wa hadithi Makame anawaharibia kwa sababu kalewa tembo. Wasomaji wangu wawili wamenambia mwisho huo hauna nguvu, lakini hawakuweza kunieleza kwa nini. Naomba wanaoijua kazi hii waniambie.

Kijana wa Mkoani

Mkuu, tukio hili lilitokea kisiwa cha Changuu? Nimewahi kusikia ile ilikuwa jela. Walifika salama au walikamatwa?

Bi Kidawa

Mwanangu, hii ni hadithi ya kubuni, soma mstari wa kwanza. Na Changuu jengo lake lilijengwa 1893 kwa nia ya kuwa jela, lakini halikufungwa mtu, likageuzwa karantini ya wasafiri wenye maradhi. Kwa hiyo mleta uzi kafanya vyema kubuni kisiwa chake mwenyewe. Angeitaja Changuu, kila msomaji wa mjini angemrukia.

Sasa nije kwenye swali. Ulevi wa Makame haufai kwa sababu hauhusiani na kazi aliyopewa. Mtu kapewa kazi ya kuleta habari, basi kasoro yake na iwe katika kuleta habari. Akilewa, angeweza kuharibu hadithi yoyote ile, iwe ya arusi au ya safari ya Hija. Msomaji anaona mkono wako wewe mwandishi, hamuoni Makame.

Mfano ulio wazi ni Alcatraz, kile kisiwa cha jela katika ghuba ya San Francisco. Usiku wa tarehe 11 Juni 1962 waliondoka watatu, Frank Morris na ndugu wawili, John na Clarence Anglin. Lakini waliopanga walikuwa wanne. Wa nne, Allen West, alibaki. Kila mmoja alikuwa ametoboa ukuta wa nyuma ya chumba chake pale penye tundu la hewa. Tundu la West lilikuwa linamomonyoka kingo, naye akalitengeneza kwa simenti lisije likaonekana. Simenti ikakauka, tundu likawa dogo. Usiku wenyewe hakupita. Alipofanikiwa kulipanua wenzake walikuwa wameshakwenda, akarudi kitandani, na baadaye yeye ndiye aliyewaeleza wachunguzi mpango ulivyokuwa.

Tazama hapo. West hakuwa mlevi wala msaliti. Alikwama kwa sababu ya uangalifu wake mwenyewe, katika kazi ileile aliyokuwa nayo. Kasoro ya namna hiyo msomaji haisahau.

Ustadh Jongo

Mie naona ulevi si tatizo. Tatizo ni kwamba umechagua usiku mzuri kupita kiasi. Usiku wa Idi askari wote wamelegea, kiza kimetanda, hapana doria. Hata bila Makame wangetoka. Mwondoe kabisa, hadithi itakwenda mbio zaidi.

Mzee Lindo

Ustadh, umesema nusu ya jambo. Ni kweli usiku wa Idi nidhamu hulegea. Lakini anayetoroka hategemei ulegevu, anategemea kujua. Askari mkali anayepita dakika ileile kila usiku ni rahisi kuliko askari mvivu ambaye hujui atatoka saa ngapi. Usiku wa Idi ndogo unakuja mara moja kwa mwaka. Mfungwa aliyekaa miaka mitatu ameuona mara tatu tu, tena kwa sikio, akiwa ndani ya mlango uliofungwa. Hapo hapana mazoea aliyoweza kuyasoma. Kwa hiyo Makame hawezi kuondolewa: yeye ndiye mtu wao pekee aliyekuwa nje ya mlango katika nyusiku hizo.

Mleta uzi, zamu zako zimeandikwa kama ratiba ya garimoshi. Lindo lina tabaka mbili. Kuna amri iliyoandikwa, inayosema hesabu saa 8. Halafu kuna desturi ya mtu, kwamba askari fulani huanzia upande wa jikoni kwa sababu chai iko huko, na humaliza kwenye mlango wa mwisho akiwa ameshachoka, anamulika bila ya kusimama. Wafungwa wanaishi kwa ile desturi, wala hawajali amri.

Nawe una kitu kizuri sana mkononi ambacho hujakitumia, nacho ni taa. 1958 askari wako anatembea na karabai. Karabai inavuma, na mwanga wake unashuka presha ikipungua, lazima asimame aipampu. Mtu aliyelala gizani hana saa, lakini anausikia ule mvumo ukija, ukinyong'onyea, kisha pampu ikipigwa, tsk tsk tsk, mara kumi na tano au ishirini, halafu mvumo unapanda tena. Askari mmoja hupampu mbele ya mlango wa tatu kila siku kwa kuwa hapo pana ukingo wa kukalia. Hiyo ndiyo saa ya wafungwa wako. Na usiku zamu ikibadilika, pampu itasikika mahali pengine, nao watajua kabla hawajaona uso wa mtu.

Fatma Msomaji

Mzee Lindo shikamoo. Na hesabu yenyewe hufanywaje? Mleta uzi katutajia saa zake tu.

Mzee Lindo

Marahaba mwanangu. Wawili huhesabu, kila mmoja upande wake, kisha hujumlisha. Jumla lazima ikubaliane na ya ubaoni. Ikizidi ni kosa sawa na ikipungua, na hesabu inarudiwa tangu mlango wa kwanza.

Chukua jela ya mleta uzi. Wako 31: vyumbani 27, jikoni 3, mgonjwa 1. Saa 4 askari wa kwanza anahesabu jikoni, anapata 3. Makame anapelekwa chumbani kufungiwa, na askari wa pili anapofika kwenye vyumba anamkuta huko, anahesabu 28. Wanapokuja kujumlisha inatoka 32. Hapana aliyetoroka, wala hapana aliyefanya hila, lakini watu wote wataamshwa na kusimamishwa. Dakika 20 au 25 zimekwenda, na askari ambao wangelala nusu usingizi sasa wako macho na wana hasira. Hicho ni kikwazo cha bure kwa mwandishi, kinatokana na Makame kuchelewa kuosha sufuria tu.

Mwana wa Wete (mleta uzi)

Hii ya 32 naichukua. Na karabai nimeipenda. Lakini Bi Kidawa, kama si ulevi, kasoro ya Makame iwe nini? Nikimfanya msaliti itakuwa kama kila hadithi nyengine.

Bi Kidawa

Mfanye mtu asiyejua kusema "sijui". Kila mtu anamjua mmoja wa namna hiyo. Ukimuuliza njia atakuonesha, hata kama hajawahi kufika. Hataki uondoke na uso mkavu. Jela mtu huyo anapendwa na askari na wafungwa, ndiyo maana kawekwa jikoni, na ndiyo maana ni hatari. Ukimuuliza "mwezi umeandama?" atasoma usoni mwako unataka jibu gani, akupe hilohilo. Tena kwa moyo safi.

Na kiongozi wao, sijui umemwita nani, asiwe mjinga. Amjaribu mapema. Amuulize jambo la uongo kama vile ni la kweli: "Kile kioo cha karabai ya jikoni, ule ufa wa upande wa kulia wameshaubadilisha?" Kioo hakina ufa. Makame atajibu, "Ule? Bado, lakini wameagiza kipya." Ukurasa mmoja tu, na msomaji ameshajua kila kitu juu ya Makame bila ya kuambiwa.

Mwana wa Wete (mleta uzi)

Kiongozi nimemwita Mbarouk. Lakini basi akishajua hivyo, si atamwacha?

Bi Kidawa

Atamtoa wapi mwengine? Watatu tu ndio wanaobaki nje hadi saa 4, na kati yao ni Makame peke yake anayelala chumba chao.

Pondo na Tanga

Nimesoma kimya, sasa niseme la bahari maana hamkuligusa, nalo ndilo linaloshika hadithi yote.

Mleta uzi, unafikiri umechagua usiku wa Idi kwa sababu ya askari. Umechagua na maji pia bila kujua. Mwezi wetu wa Kiislamu unaanza mwezi unapoandama, na bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, linakuja siku hizohizo. Kwa hiyo usiku wa Idi ndogo kila mwaka, miaka yote, ni usiku wa kiza na wa bamvua. Na Unguja siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Maana yake, askari wako wanapomaliza hesabu ya saa 4, pwani yote ni kavu. Ngarawa imekaa juu ya mwani na tumbawe, na bahari iko mita mia kadhaa mbele. Hakuna watu watatu watakaoiburura usiku juu ya tumbawe bila ya kusikika, na miguu yao itachanika.

Lazima wangoje maji yaje. Hesabu yake ya mkono ni hii. Bamvua letu kutoka kupwa hadi kujaa linapanda kama mita 4, kwa saa sita. Gawa kimo hicho mafungu 12. Saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Basi maji yakipwa saa 4 usiku, ikifika saa 5 yamepanda sentimita 33 tu. Saa 6 yamefika mita 1. Saa 7 mita 2.

Sema mwamba wa kisiwa chako uko mita 1 juu ya maji ya kupwa. Saa 6 ndiyo kwanza unalowa. Ngarawa yenye watu watatu inataka kama nusu mita ili isikwaruze. Nusu mita hiyo inapatikana saa 6 na nusu. Hesabu ya pili ni saa 8. Basi wana saa moja na nusu. Kilomita 3 kwa makafi, watu wawili wakipiga, ni kama saa nzima. Wanafika pwani saa 7 na nusu na ushei, kabla hesabu haijaanza. Nzuri.

Sasa sogeza mbele siku moja. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ngarawa itaelea saa 7 na dakika 20. Zimebaki dakika 40. Siku ya pili yake, saa 8 na dakika 10, hesabu imeshaanza na wao bado wamekaa mchangani. Mlango wako uko wazi usiku mmoja, nusu wazi usiku wa pili, umefungwa wa tatu.

Ustadh Jongo

Sheikh, dakika 50 ni wastani wa mwezi mzima. Siku za bamvua zinapungua, hukaribia 40, na siku za maji mafu ndipo zinapozidi. Huko umemnyima dakika kumi.

Pondo na Tanga

Hapo umesema kweli. Mimi ningeiacha 50, kwa sababu mtu anayevuka gizani ni bora akosee upande huo. Lakini Mbarouk akiwa mvuvi atajua, na mwandishi anaweza kumpa zile dakika kumi kama siri yake.

Fatma Msomaji

Samahani Pondo, mbona wasiondoke siku mbili kabla ya Idi? Kwa hesabu yako maji yangekuja mapema zaidi, ngarawa ingeelea kabla ya saa 5, na kiza bado kipo.

Pondo na Tanga

Kwa bahari ni kweli kabisa, siku mbili kabla ni bora. Linalozuia ni askari. Wako wanne, doria ya pwani ipo, na mashua ya jela imefungwa hapohapo, itawafukuza. Bahari inataka mapema, askari wanataka wachelewe, na usiku mmoja tu ndio unaowakubalia wote wawili.

Na hapa ndipo Makame anapokuwa wa lazima, angalieni. Usiku wa Idi haujulikani mpaka mwezi uonekane. Tarehe 29 ya Ramadhani watu wanatazama. Ukionekana, Idi kesho. Usipoonekana, wanatimiza 30. Tena 1958 Ramadhani ilianza Machi, Idi ikaangukia Aprili, katikati ya masika, mawingu tele. Askari watakwenda makwao kwa kufuata tangazo. Maji hayafuati tangazo. Ikiwa Idi ni baada ya 29, Mbarouk ana ile saa moja na nusu. Ikiwa ni baada ya 30, ana dakika 40, au 50 akimsikiliza Ustadh.

Mzee Lindo

Pondo, hapo umefunga fundo lililokuwa limelegea. Naongeza moja: mfungwa aliyefungiwa saa 12 na robo hajui tangazo. Nao wanafunga kama askari, lakini watajua wakati wa daku, ama waamshwe wale, ama waachwe walale. Kwa hiyo neno la Makame, anapopelekwa chumbani saa 4, ndilo pekee linalopita mlangoni.

Salum Tamthilia

Wakuu naomba na mimi msaada hapohapo. Naandika mchezo wa redio wa jela, askari wangu anapokea rushwa ya pete ya dhahabu na kufungua geti. Msikilizaji atajuaje kama askari kakubali, maana redioni hapana uso?

Bi Kidawa

Salum, kwako mpe funguo nyingi kwenye pete moja. Msikilizaji azizoee kwa vipindi viwili, zinalia kila anapotembea. Siku aliyokubali, atembee na zisilie. Lakini fungua uzi wako, tusimchanganye mwenzako.

Mwana wa Wete, narudi kwako. Sasa unaye mtu asiyejua kusema "sijui", na mpango mzima umesimama juu ya jibu lake la neno moja. Mbarouk anamjua. Basi asimuulize. Atafute kitu ambacho Makame hawezi kukipamba.

Jiko ndilo litakalosema. Kesho ikiwa ni saumu, askari watakula daku, na maji ya daku huchotwa mapema, kabla jiko halijafungwa saa 4. Makame ndiye anayechota. Kesho ikiwa Idi, hapana daku, hapana maji. Basi Mbarouk asitazame mdomo, atazame pindo la kikoi. Mtu aliyebeba ndoo mbili kutoka kisimani usiku, kikoi chake kimelowa chini, na viganja vina mstari mwekundu wa mpini wa ndoo. Makame anaingizwa chumbani, mlango unafungwa, karabai inaondoka. Ana tabasamu. "Umeandama," anasema. Mbarouk anamshika mkono kama anayempongeza kwa Idi, na kwa kidole gumba anapapasa kiganja chake.

Mstari upo.

Fatma Msomaji

Nimesisimka. Kwa hiyo kadanganya, kesho ni saumu, askari wote wanne wapo.

Bi Kidawa

Hakudanganya kwa nia. Aliona usoni mwao wanavyoutaka ule mwezi, akawapa. Sasa Mbarouk ana kazi mbili: kuwazuia wenzake wawili ambao wamesikia neno na tayari wanafungua nondo, na kukubali kwamba kesho yake atakuwa na dakika 40 badala ya 90.

Ustadh Jongo

Hapa sikubaliani. Msomaji amekwenda kurasa mia mbili anangoja usiku ule, halafu mnamlaza? Bora watoke usiku huohuo, doria iwakute, ndiyo hadithi. Kuahirisha kunavunja kasi.

Mzee Lindo

Kuahirisha hakuvunji kitu ikiwa kuna gharama. Nondo zilizolegezwa usiku huu zitakaaje mchana mzima wa kesho? Wameshatoa chokaa, hawana nyengine ya kuziba, na asubuhi chumba kinafagiliwa. Vumbi la chokaa ni jeupe, sakafu nyeusi. Watalikandika kwa nini? Unga wa muhogo? Utavuta sisimizi, na sisimizi watamwonesha askari mstari mpaka dirishani. Watie uji wa futari uliobaki, uchanganywe na vumbi lilelile. Utashika kwa siku moja, lakini ukikauka utapasuka. Hiyo siku moja ya mchana ni sura nzima, Ustadh, na ina kasi kuliko mbio za ufukweni.

Ustadh Jongo

Hiyo ya sisimizi imenishika. Lakini bado nasema wasomaji wetu wanataka mbio.

Mwana wa Wete (mleta uzi)

Nashukuru nyote. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Nionavyo sasa: usiku wa 29 wanazuiliwa na kiganja cha Makame. Mchana wa 30 ni dirisha na sisimizi. Usiku wa pili Idi ni hakika, maana mwezi wa Kiislamu haufiki siku 31, hapo hawamhitaji Makame tena kwa habari. Hesabu ya saa 4 inatoka 32 kwa sababu Makame kachelewa jikoni, watu wanasimamishwa dakika 25. Haiwadhuru kwa maji, kwa kuwa ngarawa haielei mpaka saa 7 na dakika 20, lakini askari wawili waliobaki wako macho. Je, dakika 40 zinatosha? Hesabu ya saa 8 itawakuta hawapo, na wao watakuwa njiani.

Pondo na Tanga

Zinatosha kwa sababu uliyoitoa mwenyewe mwanzo: mashua ya jela iko mjini. Dakika 40 kwa kafi ni kama kilomita 2. Askari watagonga kengele, watapunga taa, lakini hawana chombo cha kufuatia. Mjini mtu lazima aione taa, aamshe watu, mashua ing'oe nanga. Wana kilomita 1 mbele yao.

Mambo mawili tu uyaandike sawa. Moja, kwenye maji ya nusu mita wasitumie kafi, watumie pondo, na ncha ya pondo ikigonga tumbawe inasikika mbali usiku. Waifunge kitambaa nchani, na mmoja akae mbele anatafuta kwa mkono penye mchanga. Pili, wafike pwani kabla maji hayajajaa. Usiku huo yatajaa karibu na saa 11 kasorobo. Wakishuka saa 8 na nusu, nyayo zao ziko chini ya mstari wa maji, na bahari itazifuta yenyewe. Wakichelewa wakashuka maji yameshajaa, nyayo zitakuwa juu kwenye mchanga mkavu, na asubuhi mtoto wa skuli atazifuata.

Fatma Msomaji

Na Makame je? Usiku wa pili wanakwenda naye au wanamwacha? Chumba kimoja wanalala.

Bi Kidawa

Ngarawa ilihesabiwa watu watatu. Wanne inataka maji zaidi.

Pondo na Tanga

Wa nne ataiongezea kina cha sentimita chache, ngarawa ni nyembamba. Ni kama dakika tano au kumi za kungoja zaidi. Kati ya zile 40.

Mzee Lindo

Wakimwacha, askari atakayeingia saa 8 atamuuliza wamekwenda wapi, na Makame hajui kusema "sijui".

Ustadh Jongo

Basi atawaambia upande gani?

Mwana wa Wete (mleta uzi)

Atasoma uso wa askari. Askari ambaye hana mashua anataka kusikia kwamba wako karibu, wamejificha kisiwani humohumo. Nadhani Makame atamwonesha kichaka cha nyuma ya kisima, nao watakizunguka na karabai mpaka alfajiri. Ila sijaamua kama Mbarouk alilijua hilo alipomwacha, au alimwacha kwa ajili ya zile dakika kumi tu.

Bi Kidawa

Kabla hujaamua, kuna tundu moja. Mwezi ukionekana Pemba na habari ikafika saa 5 usiku wa 29, Makame ameshafungiwa, maji ya daku ameshachota, kiganja kina mstari. Askari wawili wanapanda mashua saa 6, na Mbarouk amelala akiamini kesho ni saumu. Usiku wake mzuri unampita akiwa macho juu ya mkeka. Ukitaka kuliziba, mashua isikike ikiondoka. Pondo, usiku wa kupwa namna ile, mashua ya jela inaondokaje?

Pondo na Tanga

Imetiwa nanga nje ya mwamba, watu wanaiendea kwa miguu juu ya tumbawe. Itasikika mnyororo wa nanga. Kwa mtu anayejua, mnyororo unaopanda una mlio wake, na saa 6 usiku hakuna sababu nyengine ya kuupandisha.